Mtu Mmoja, Chumba Kimoja, Dakika Sita

Filamu fupi nyingi za vijana wetu huanza na hesabu ya mfuko. Kuna pesa ya mwigizaji mmoja, kuna chumba cha kuazima, kuna kamera moja au simu nzuri. Basi inaandikwa monolojia: mtu mmoja, mahali pamoja, anasema tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye karatasi inaonekana njia rahisi. Siku ya kuonyesha, dakika ya pili haijaisha, watazamaji wameshaanza kuchungulia simu zao. Mwigizaji hana kosa, na maneno yenyewe ni mazuri.

Chanzo cha uchovu huo ni jicho. Jicho humaliza kusoma picha mapema sana kuliko sikio linavyomaliza kusikia hadithi. Sekunde chache tu zinatosha mtazamaji kuona uso, shati, ukuta, dirisha na kilicho juu ya meza. Baada ya hapo jicho limekaa bure, linasubiri. Sini ikiwa na watu wawili wanaobishana, mhariri hulipa jicho kazi mpya kila mara kwa kutoka uso huu kwenda ule. Mtu akiwa peke yake, mlango huo umefungwa. Vinabaki vitu viwili: kamera kusogea na mwanga kubadilika.

Wengi wanavijua vitu hivyo viwili, ila wanavitumia kama viungo vya kunyunyizia tu: kamera inazungukazunguka, taa inageuka buluu, kisha nyekundu, ili mradi kuwe na jambo. Matokeo yake huwa mabaya kuliko kamera iliyotulia. Kamera inaposogea wakati hakuna kilichobadilika moyoni mwa msemaji, mtazamaji anaacha kumwona msemaji na kuanza kumwona mpigapicha. Makala haya yanaifungua sini moja ya mfano, ya dakika sita, kuonyesha jinsi kila badiliko la picha linavyopaswa kutoka ndani ya maneno.

Waliofanya hivyo kwa saa nzima

Mwaka 1987 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Swimming to Cambodia. Mwongozaji wake alikuwa Jonathan Demme, na mwigizaji pekee anayezungumza jukwaani ni Spalding Gray. Gray ameketi nyuma ya meza, mbele yake kuna glasi ya maji, daftari na kipaza sauti, na nyuma yake kuna ramani. Anasimulia jinsi alivyopata nafasi ndogo katika filamu ya The Killing Fields ya mwaka 1984, iliyohusu vita vya Kambodia, na mambo aliyoyaona Tailandi wakati wa kuitengeneza. Ni karibu saa moja na nusu, na hatoki mezani hapo. Demme alichofanya ni kuusubiri usimulizi. Gray akiwa mcheshi, picha ni pana na mwanga ni wa kawaida wa jukwaa. Usimulizi ukiingia katika mabomu na mauaji, mwanga unafinywa, kamera inakaribia, na sauti za mbali zinaingia chini ya maneno yake. Ukiuzima mlio wa filamu hiyo bado unaweza kukisia mahali hadithi ilipogeuka kuwa nzito.

Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1984, Robert Altman alikuwa ametengeneza Secret Honor, filamu ya mtu mmoja ndani ya ofisi moja ya nyumbani. Philip Baker Hall anamwigiza Richard Nixon, rais aliyejiuzulu mwaka 1974, akiongea na kinasa sauti usiku huku akinywa pombe, na bastola iko karibu. Altman aliipiga filamu hiyo katika Chuo Kikuu cha Michigan, wanafunzi wakiwa miongoni mwa wafanyakazi wake. Ndani ya chumba aliweka skrini za kamera za ulinzi, ambazo zinamwonyesha Nixon akijizungukia mwenyewe. Kwa hiyo kamera ya Altman ikichoka kumtazama mtu, inamtazama kwenye skrini: mtu yuleyule, chumba kilekile, lakini sasa ni mtu anayechunguzwa. Kwa mtu aliyeanguka kwa sababu ya upelelezi na kanda za siri, skrini hizo si pambo.

Filamu zote mbili zinafuata kanuni moja. Kamera na mwanga havianzishi badiliko, vinalifuata.

Sini ya mfano: duka la fundi cherehani

Tuchukue duka dogo la fundi wa nguo, usiku. Kuna cherehani ya miguu, balbu moja inayoning'inia, dirisha lenye nondo upande wa barabara, na sanamu ya kupimia nguo iliyovalishwa koti la suti ambalo halijatiwa vifungo. Fundi anashona vifungo huku akilisemesha koti. Koti ni la kaka yake, aliyeliagiza kwa ajili ya harusi ya binti yake. Harusi ilifanyika, kaka hakuja kulichukua, na ndugu hao hawajasemezana tangu hapo. Fundi analalamika kuwa kaka yake ni mtu wa dharau. Mwisho tunajua ukweli: kaka alimwachia pesa za kumtunzia, naye akazinunulia hiyo cherehani anayoshonea.

Kabla ya kugusa kamera, mwongozaji anachukua kalamu na kutafuta mahali maneno yanapogeuka. Hatafuti mahali pa huzuni wala pa kelele. Anauliza swali moja kwa kila sentensi: mtu huyu sasa anataka nini kwa anayemsemesha? Jibu likibadilika, anachora mstari.

Katika monolojia yetu mistari ni mitatu, kwa hiyo sehemu ni nne. Kwa dakika moja na nusu ya kwanza fundi anataka kufurahisha: anamtania kaka yake kana kwamba yupo. Kwa dakika mbili zinazofuata anataka kushtaki: anahesabu makosa ya kaka, moja baada ya jingine. Kisha, kwa dakika moja, hataki chochote. Umeme umekwisha, yuko gizani, na neno la kwanza la ukweli linamtoka. Dakika moja na nusu ya mwisho anataka kusamehewa.

Mistari mitatu maana yake ni mabadiliko makubwa matatu ya picha, basi. Anayeweka kumi atakuwa amewaambia watazamaji kwamba hakuna hata moja lenye uzito.

Kamera: mita moja kwa dakika mbili

Sehemu ya kwanza kamera haisogei hata kidogo. Imesimama mita 2 kutoka kwa fundi, na fremu inaonyesha mikono, cherehani, na bega la koti pembeni. Utulivu huu una kazi yake. Mtazamaji akizoea picha iliyotulia, mwendo mdogo kabisa utakaofuata utakuwa na nguvu. Ukianza na mwendo, umetumia akiba yote siku ya kwanza ya mwezi.

Mashtaka yanapoanza, kamera inaanza kumkaribia. Imewekwa juu ya reli fupi, na inatoka mita 2 hadi mita 1 kwa muda wa dakika mbili. Huo ni mwendo wa chini ya sentimita moja kwa sekunde. Hakuna anayeuona ukitokea. Anachokiona mtazamaji ni kwamba kitu kinambana. Uso wa fundi unakuwa mkubwa mara mbili, na bega la koti linatoka nje ya fremu polepole. Mtu aliyekuwa akimsemesha kaka yake sasa yuko peke yake, na hakuna aliyetamka hilo.

Hapa wengi huuliza: kwa nini tusivute kwa zumu, tukaepuka reli? Kwa sababu matokeo hayafanani. Tuseme ukuta wa nyuma uko mita 2 nyuma ya fundi, yaani mita 4 kutoka kwenye kamera. Kamera ikisogea mita 1 mbele, uso unakuwa mkubwa mara mbili, lakini ukuta, uliokuwa mita 4 na sasa uko mita 3, unakua kwa theluthi moja tu. Uso unatoka mbele, ukuta unabaki nyuma. Chumba kina kina. Ukivuta kwa zumu, uso na ukuta vyote vinakua mara mbili kwa pamoja, na picha inabaki bapa. Zumu ina mahali pake, hasa unapotaka mtazamaji ahisi kwamba fundi anachunguzwa kwa mbali. Ila kwa sini hii tunataka tuwe chumbani naye.

Namna ya kuutekeleza mwendo huo ni rahisi. Bandika vipande vya tepu kwenye reli kila baada ya sentimita 25, kisha fanya mazoezi na saa hadi mkono uzoee kufika kipande kimoja kila nusu dakika. Mwendo uanze baada ya neno maalumu katika hotuba, si kabla yake. Mwongozaji na anayesukuma kamera wakubaliane neno hilo, wasubiri litamkwe, wahesabu pumzi moja, ndipo waanze. Kamera ikitangulia neno, mtazamaji anajulishwa kwamba jambo linakuja. Ikifuata neno, yeye mwenyewe ndiye anayegundua.

Mwanga: kila taa na sababu yake

Kanuni ya kwanza ya mwanga katika chumba kimoja ni kwamba kila badiliko liwe na sababu ambayo hata mtazamaji asiyejua filamu ataikubali. Taa haigeuki nyekundu kwa sababu mtu amekasirika. Katika duka la fundi sababu zipo tele: balbu, dirisha, pikipiki zinazopita, simu, na LUKU.

Balbu inayoning'inia ndiyo taa kuu. Isiwe juu ya utosi wa fundi, maana macho yatageuka mashimo meusi. Inasogezwa mbele yake kiasi cha nusu mita na kushushwa hadi iwe juu kidogo ya kiwango cha macho. Hapo inampa mwongozaji zawadi ambayo haihitaji fundi wa taa. Nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: uso ulio sentimita 60 kutoka kwenye balbu, ukirudi nyuma hadi sentimita 120, unapata robo tu ya mwanga ule. Kwa hiyo mwigizaji akiinamia sindano anang'aa. Akiegemea kiti kukumbuka jambo, anaingia kwenye kivuli. Anabadilisha taa kwa mgongo wake mwenyewe. Kinachotakiwa ni kumweleza mapema na kuweka alama ya kiti sakafuni, ili kila teki arudi palepale.

Taa ya pili iko nje ya dirisha, nyuma ya bega lake la kushoto. Ni dhaifu, kiasi cha moja ya nane ya nguvu ya balbu, na rangi yake inaelekea ubuluu. Hadithi inasema ni taa ya duka la jirani. Inawaka sini nzima bila kubadilika, na kwa dakika tatu na nusu za kwanza hakuna anayeiona, maana balbu imeizidi. Kazi yake itakuja.

Taa ya tatu ni ya bodaboda. Katikati ya mashtaka fundi anadai kwamba yeye hana kinyongo na mtu. Hapo hapo, mara moja tu katika sini nzima, mwanga unapita dirishani na kumvuka usoni. Msaidizi anapita nje na tochi yenye nguvu kwa sekunde mbili hivi, na mlio wa injini unaongezwa baadaye. Vivuli vya nondo vinateleza ukutani kuelekea upande ulio kinyume na mwendo wa tochi, kama ilivyo kwa pikipiki ya kweli. Mtazamaji hatajiambia kwamba huo ni uongo uliofichuliwa. Ataona tu kwamba wakati wa neno lile uso ulimulikwa, na fundi akafumba macho.

Kisha LUKU inakwisha. Jambo hili liwe limetayarishwa: katika dakika ya kwanza fundi ametupia jicho mita na kunung'unika kwamba yuniti zimebaki chache. Tumechagua yuniti kwisha badala ya umeme kukatika mtaa mzima kwa sababu ya mantiki ya taa. Mtaa mzima ukizimika, duka la jirani nalo lingezimika, na tungebaki na skrini nyeusi kwa dakika nzima. LUKU ikiwa ya fundi peke yake, taa ya dirishani ina haki ya kuendelea kuwaka, na redio ya jirani inaendelea kusikika. Sasa tunaona alichoweka mwongozaji tangu mwanzo: mstari mwembamba wa buluu kwenye shavu na bega, basi. Uso hauonekani. Katika hali hiyo fundi anaacha kutania na kuacha kushtaki. Kamera imesimama, na sikio linapewa nafasi ya mbele.

Mwisho fundi anawasha tochi ya simu. Sababu yake ni ndogo na ya kweli: sindano imemponyoka na anaitafuta. Tochi ya simu ina hatari zake. Ikimulika uso kutoka chini moja kwa moja, mtu anageuka kinyago cha filamu za kutisha. Kwa hiyo fundi anailaza simu mezani, mwanga wake ukipiga kwenye kipande cha bitana nyeupe, na kitambaa hicho ndicho kinachorudisha mwanga laini usoni. Ni mwanga mweupe wa baridi, tofauti kabisa na umanjano wa balbu, na unaangaza zaidi kitu kilicho karibu nao: cherehani. Mashine tuliyoitazama kwa dakika sita bila kuiwazia ndiyo pesa za kaka.

Mshono gizani

Teki moja ya dakika sita ni mzigo mzito. Mwigizaji akikosea dakika ya tano, kila mtu anarudi mwanzo, na kufikia mara ya saba hata maneno mazuri yanakuwa makavu. Alfred Hitchcock alipotengeneza Rope mwaka 1948 alitaka ionekane kama teki ndefu zisizokatika, lakini kamera ya filamu ilichukua mkanda wa dakika kumi hivi tu. Baadhi ya viungo alivificha kwa kuisogeza kamera hadi mgongo wa mtu uzibe picha yote, kisha kuanza mkanda mpya hapo hapo.

Sisi tuna giza. Taa ya dirishani inazibwa kwa nusu sekunde wakati balbu inapozimika, skrini inakuwa nyeusi kabisa, na hapo ndipo teki ya kwanza inapoungana na ya pili. Mtazamaji anaona giza la ghafla, kisha jicho linaanza kuzoea na ule mstari wa buluu unatokea. Anaamini ni jicho lake.

Mshono huo unatupa faida nyingine. Kwa kuwa picha ilikuwa nyeusi, kamera inaweza kuwa imehamia mahali pengine. Katika sehemu mbili za mwisho inakaa nyuma ya bega la koti, kwa hiyo tunamtazama fundi kutoka alipo kaka asiyekuwepo. Tahadhari ni moja: kamera ibaki upande uleule wa mstari wa kufikirika kati ya fundi na sanamu. Kama mwanzoni fundi alikuwa akiangalia kulia mwa fremu, aendelee kuangalia kulia. Ikivuka mstari, ataonekana kama amegeuka na kumpa kaka yake mgongo, na ombi lake la msamaha litakwenda ukutani.

Tochi ikishawaka, kamera inateleza pembeni sentimita 40 tu, taratibu, kwa dakika nzima. Kwa kuwa koti liko karibu sana na lenzi, mwendo huo mdogo unalifanya lisogee sana kwenye fremu. Mwanzoni bega lilikuwa limeziba nusu ya uso wa fundi. Mwishoni uso wote uko wazi. Hatukuhitaji kumkaribia tena.

Yanayoharibika

Adui wa kwanza wa sini ya namna hii ni kamera inayojiamulia. Simu na kamera nyingi zikiona giza hujiongezea mwanga zenyewe. LUKU inakwisha, na baada ya sekunde mbili picha inapanda tena, uso unaonekana vizuri, chembechembe zimejaa, na giza tulilolijenga limekufa. Dawa ni kufunga kiasi cha mwanga kabla ya kuanza, ukipimia uso wa fundi akiwa ameinamia kazi. Kwenye aifoni unabonyeza kidole juu ya uso hadi yaandikwe maneno AE/AF LOCK. Ila kufuli hilo linafunga na fokasi, kwa hiyo kamera inayosogea kutoka mita 2 hadi mita 1 ijaribiwe kwanza kuhakikisha uso haufifii. Afadhali programu inayotenganisha mambo hayo. Blackmagic Camera ni ya bure na inafanya hivyo.

Rangi nayo ifungwe. Balbu ya njano ni kama kelvini 2700, tochi ya simu ni karibu mara mbili ya hapo, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyoelekea ubuluu. Kamera ikiachiwa itajaribu kuzifanya taa zote ziwe nyeupe, na tofauti tuliyoitafuta itapotea. Ifunge kwenye kelvini 3200: balbu itabaki na joto kidogo, simu na dirisha vitabaki na ubaridi.

Jambo la tatu ni mistari inayotambaa kwenye picha. Umeme wa kwetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, na balbu nyingi za LED za bei nafuu hupepesa bila jicho kuona. Piga kwa fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50. Kama mistari bado ipo, badilisha balbu. Na usiipunguze LED ya kawaida kwa swichi ya kupunguzia. Hapo ndipo kupepesa kunapozidi. Iondoe mbali kidogo, au ifunike kwa kitambaa chepesi kisichoigusa.

La nne ni sauti. Cherehani inafunika maneno, kwa hiyo fundi akanyage mashine kati ya sentensi, si juu yake. Jambo hilo si hasara. Mashine ikinyamaza katikati ya mashtaka, kila mtu anajua kuwa kinachofuata ni kizito.

Majaribio mawili, na mpaka mmoja

Ukimaliza kuhariri, tazama sini bila sauti. Kama unaweza kuonyesha kwa kidole mahali pote patatu maneno yanapogeuka, picha inafanya kazi. Kama unaona badiliko la nne mahali ambapo hotuba haikugeuka, liondoe hata kama ni zuri. Kisha geuza: sikiliza sauti bila picha. Kama umechoka kusikiliza, hakuna reli wala taa itakayokuokoa. Rudi kwa mwandishi. Baadaye mwonyeshe mtu asiyejua mlivyofanya na umuulize amekumbuka nini. Akitaja kaka, koti au cherehani, mmefaulu. Akikusifu kwa jinsi kamera ilivyosogea, mwendo ulikuwa wa kasi mno.

Mpaka upo pia. Katika Winter Light ya Ingmar Bergman, ya mwaka 1963, mwalimu wa shule anayeigizwa na Ingrid Thulin anaitamka barua yake akiitazama lenzi moja kwa moja, kwa dakika kadhaa, uso umejaa fremu na kamera imetulia. Isipokuwa kwa kumbukumbu fupi inayokatiza katikati, hakuna kinachobadilika ila uso wenyewe, na hakuna anayeondoka. Bergman aliona kwamba katika barua ile mtu hageuki. Anasema jambo moja, kwa uwazi uleule, hadi mwisho. Kuisogeza kamera kungekuwa kumtafutia njia ya kukwepa. Monolojia yako ikiwa ya namna hiyo, yaani msemaji hafichi chochote na hataki kitu kipya, mwache aseme na uweke kamera chini.

Lakini monolojia nyingi si za namna hiyo. Watu wakiachwa peke yao huanza kwa kujitetea na kuishia kwingine, na safari hiyo ndiyo inayopigwa picha. Kwa hiyo kabla hujaazima reli au kununua balbu, keti na karatasi ya hotuba, chora mistari mahali anachokitaka mtu huyu kinapobadilika, kisha andika kando ya kila mstari badiliko moja la picha na sababu yake ndani ya chumba. Mstari ukikosa sababu, usipige kwanza. Ukikosa mstari hata mmoja, basi unachohitaji si kamera bora bali hotuba nyingine.